Stetimenti ya kwenye picha haibalansi ukishaichapa Excel? Tafuta alama ya kutoa ilipopotelea

Kazi hii nimeifanya sana, mtu ana duka au kikundi, benki imempa stetimenti ya karatasi, anaipiga picha kwa simu anakutumia, anataka iwe kwenye Excel ikiwa na tarehe, maelezo, debiti na krediti. Unakaa unachapa mistari yote, au unatumia programu ya kunyonya maandishi kwenye picha, unamaliza unajumlisha chini, salio lako na salio la benki haviendani. Na mara nyingi sana kilichopotea ni kale kakistari kadogo mbele ya namba, alama ya kutoa. Namba zenyewe zote zipo sawa kabisa, ndo maana unaweza kuzikagua hata mara tatu na usione kitu.

Basi naandika hapa jinsi ya kulitafuta kosa kwa kuanzia na dalili unayoiona, kwa sababu ile tofauti inayobaki chini huwa inakwambia yenyewe kosa ni la aina gani, kama utaisoma vizuri.

Tutumie mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ni wa duka la vifaa vya ujenzi lenye akaunti ya hundi, namba nimezibadilisha ila mpangilio ndo ule ule:

```
Tarehe      Maelezo                 Debiti    Krediti      Salio
            Salio la kuanzia                            1,240,000
02-03-2024  Kuweka keshi                      350,000   1,590,000
04-03-2024  Kutoa ATM              200,000              1,390,000
04-03-2024  Makato ya ATM            1,300              1,388,700
07-03-2024  Hundi                1,450,000                -61,300
08-03-2024  Makato ya ovadrafti      2,500                -63,800
09-03-2024  Kurudisha makato        -1,300                -62,500
12-03-2024  Kuweka keshi                      480,000     417,500
```

Angalia kwanza alama za kutoa ziko wapi, kwa sababu ziko sehemu mbili na kila sehemu ina maana yake. Kwenye salio kuna tatu, hizo zinasema akaunti imeingia ovadrafti, yaani mwenye duka anadaiwa na benki. Halafu kuna moja kwenye kolamu ya debiti yenyewe, tarehe 9, hiyo ni benki imerudisha makato iliyokata kimakosa tarehe 4. Benki nyingine wangeiweka kama krediti ya kawaida, ila zipo zinazoandika debiti hasi, na hii ndo inayoponyoka kuliko zote kwa sababu mtu anayechapa haitegemei, kazoea kwamba kila kilichopo kwenye debiti ni hela iliyotoka, basi macho yanapita tu.

Stetimenti ikishakuwa kwenye Excel iweke hivi: A tarehe, B maelezo, C debiti, D krediti, E salio kama lilivyo kwenye picha, afu F ya ukaguzi. Wengi wanaiacha kolamu ya salio kwa sababu mwenye kazi hajaiomba, mi nakuomba usiiache, ichape, ukimaliza ukaguzi ndo uifute. Bila salio huna cha kukuonyesha mstari gani umekosea. Salio la kuanzia linakaa E2, mistari inaanzia 3 mpaka 9, na kwenye F3 unaweka hii kisha unaivuta chini:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

Kila mstari utoe 0. Pembeni weka na hii ya jumla, nayo itoe 0:

```
=ROUND(E2-SUM(C3:C9)+SUM(D3:D9)-E9,2)
```

Sasa dalili zenyewe.

Jumla inakosea kwa namba ambayo ni mara mbili ya kitu kilichopo kwenye orodha

Kwenye mfano wetu ukichapa 1,300 ya tarehe 9 bila kistari, fomula ya jumla itakupa -2,600. Mzee mwenye duka aliniuliza hivi hivi, "mwanangu, elfu mbili na mia sita yangu imeenda wapi?", na ukitafuta 2,600 kwenye stetimenti huipati popote, ndo maana watu wanazunguka hapo hata saa zima. Igawe kwa mbili. Unapata 1,300, na 1,300 ipo, tena ipo mara mbili, tarehe 4 na tarehe 9. Sababu ni kwamba hela iliyotakiwa irudi wewe umeitoa tena, kwa hiyo unakosea kwa kile ambacho hukurudisha na kwa kile ulichokata juu yake, mara mbili.

Ipi kati ya hizo mbili? Hapo kolamu ya F ndo inafanya kazi, mstari wa tarehe 4 utakuwa 0 na wa tarehe 9 utakuwa -2,600. Unarudi kwenye picha kwenye mstari ule tu, unavuta karibu, unaangalia kuna kistari au hakuna. Nasisitiza kurudi kwenye picha. Usiweke alama ya kutoa kwa sababu tu namba imebalansi, kwa sababu kosa la mara mbili linaweza pia kutokea ukiwa umeweka krediti kwenye kolamu ya debiti, dalili ni ile ile kabisa. Ukiweka kistari kwenye debiti wakati picha inaonyesha krediti salio litakaa sawa, lakini jumla ya debiti na jumla ya krediti zote mbili zitakuwa za uongo, na mwenye kazi akizilinganisha na zile jumla ambazo benki imechapa chini ya ukurasa hazitafanana.

Kuna na aina yake kubwa zaidi, mtu kaandika debiti ZOTE na alama ya kutoa kwa sababu kichwani kwake hela ikitoka ni hasi. Hapo F itakosea kila mstari wenye debiti ya kawaida, na kila kosa ni mara mbili ya namba ya mstari ule. Kolamu ikishaitwa debiti, jina lenyewe limeshasema hela imetoka, kwa hiyo namba ya kawaida inakaa bila alama na kistari kinabaki kwa yale marejesho tu. Kama mwenye kazi anataka kolamu moja yenye hasi na chanya mtengenezee nyingine pembeni kwa fomula, usichanganye.

Jumla inakosea kwa namba ile ile, siyo mara mbili

Hii ni tofauti kabisa na ile ya juu na watu wanazichanganya. Kistari kipo, unakiona kwa macho, mstari umeandikwa vizuri, ila jumla inatoa -1,300. Maana yake Excel haijauhesabu huo mstari kabisa, imeuruka. Kwa nini? Kwa sababu kwake ile siyo namba, ni maandishi.

Kinachosababisha ni kwamba vistari vinavyofanana kwa macho viko vya aina nyingi. Kipo kile cha kwenye kibodi, kipo cha hesabu ambacho ni kirefu kidogo, na kipo kile kirefu cha maandishi kama cha kwenye vitabu. Programu ya kunyonya maandishi ikiona kistari kwenye picha inachagua chochote kati ya hivyo, na Excel yenyewe inakitambua cha kibodi tu. Kujua umepewa kipi andika hii kwenye seli yoyote iliyo wazi:

```
=UNICODE(LEFT(C8,1))
```

Ikitoa 45 ni cha kibodi, kizuri. Ikitoa 8722 ni kile cha hesabu, 8211 ni kile cha maandishi. Namna rahisi ya kurekebisha ni kukikopi kile kistari kibaya kutoka kwenye seli, uchague kolamu za C, D na E tu, ubonyeze Ctrl+H, ukibandike kwenye sehemu ya kutafuta, na kwenye sehemu ya kubadilishia uandike kistari cha kibodi. Zikishabadilika namba zinahamia kulia kwenye seli zenyewe, hiyo ni ishara kwamba Excel imezikubali. Maandishi hukaa kushoto, namba hukaa kulia, kama hujagusa mpangilio.

Kwenye F mstari kama huo unatoa #VALUE! kwa hiyo unaonekana haraka. Ila kuna hali moja mbaya, nayo ni pale kistari ni kizuri cha kibodi lakini seli ilishapangwa kuwa ya maandishi tangu mwanzo. Hapo fomula ya F inaisoma namba vizuri na inakupa 0, mstari unaonekana mzima, lakini SUM inauruka kimya kimya. Ndo maana naweka fomula mbili na siyo moja, na ukikuta F zote ni 0 halafu jumla inakosea, angalia hii:

```
=COUNTA(C3:C9)-COUNT(C3:C9)
```

Ikitoa zaidi ya 0, ndiyo idadi ya seli za debiti zinazojifanya namba. Fanya na D na E hivyo hivyo, maana salio hasi nalo linapatwa na ugonjwa huu.

Mara moja moja tofauti itakuwa siyo mara mbili wala siyo mara moja ya kitu chochote, jaribu kuigawa kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu, mfano 1,300 umeandika 3,100, tofauti 1,800. Hilo siyo kosa la alama, na ule mstari utaonekana kwenye F.

F inakosea mistari miwili inayofuatana, mmoja hasi mwingine chanya, kiasi sawa

Hapa debiti na krediti ziko salama, kosa liko kwenye salio lenyewe. Tuseme salio la tarehe 7 umeandika 61,300 bila kistari na mengine yako sawa. F ya tarehe 7 itatoa -122,600 na ya tarehe 8 itatoa 122,600. Sababu ni kwamba salio moja linatumika mara mbili, kama mwisho wa mstari wake na kama mwanzo wa mstari unaofuata. Ukiona jozi kama hiyo nusu yake ndo salio lililopoteza alama.

Ila kwenye picha mbaya kistari hakipotei kimoja, vinapotea vyote vitatu, na hapo dalili inabadilika. Tarehe 7 inatoa -122,600, tarehe 8 inatoa -5,000, tarehe 9 inatoa 2,600, tarehe 12 inatoa 125,000, inaonekana kama kila kitu kimeharibika. Mtu akiona hivyo anaanza kuchapa upya ukurasa mzima wakati hakuna namba hata moja iliyokosewa. Angalia kosa kubwa la kwanza na kubwa la mwisho, hapo ndo akaunti ilipoingia ovadrafti na ilipotoka, na masalio yote kuanzia mstari wa kosa la kwanza mpaka mstari wa kabla ya kosa la mwisho ni hasi.

Kuna njia ya kuliona hili hata bila fomula, kwa macho tu kwenye karatasi. Tarehe 7 salio 61,300, tarehe 8 wamekata 2,500 halafu salio limekuwa 63,800. Wamekata na limeongezeka? Salio chanya ukilikata linapungua. Likiongezeka baada ya kukatwa basi ni deni, hata kama kwenye picha huoni alama yoyote. Mi huwa naitumia hii kabla sijaanza kuchapa, napitisha kidole kwenye kolamu ya salio nikitafuta sehemu kama hiyo.

Kistari hakipo mbele, kipo nyuma, au ni mabano

Mifumo mingine ya benki inachapa alama nyuma ya namba, 1,300.00- hivi. Tatizo lake kwenye picha ni kwamba kolamu ya salio iko mwisho kulia wa karatasi, na mpiga picha anakata ukingo au kidole gumba kinaufunika. Kabla ya kuchapa chochote angalia kama unaona nafasi nyeupe ya karatasi upande wa kulia baada ya namba ya mwisho, kama huioni omba picha nyingine, maana huna jinsi ya kujua kilichokatwa. Ukichapa mwenyewe iweke mbele tu, -1300. Kama umebandika nyingi kwa pamoja na zimekuja na alama nyuma tumia hii kwenye kolamu ya pembeni, kwa zile seli zenye kitu:

```
=IF(RIGHT(C8,1)="-",-VALUE(LEFT(C8,LEN(C8)-1)),VALUE(C8))
```

Mabano nayo yanamaanisha hasi, (1,300.00). Ukiyachapa kwa mkono kwenye Excel yanageuka yenyewe kuwa -1300, usishtuke. Hatari iko kwenye programu ya kunyonya maandishi, bano la kufungulia wakati mwingine inalisoma kama 1, kwa hiyo (1,300.00) inakuja kama 11,300.00 na bano la mwisho linapotea. Ukiona namba imezidi kwa 1 pale mbele ya tarakimu, na kwenye karatasi kuna mabano sehemu nyingine, nenda kaiangalie hiyo.

Zipo pia zinazoandika CR au DR baada ya salio bila alama yoyote. Kwenye stetimenti DR baada ya salio maana yake unadaiwa, kwa hiyo kwenye E unaandika kwa kistari. Herufi zenyewe usizichape kwenye seli ya namba, zitaifanya maandishi.

Na nikiwa hapo hapo, maelezo yakianza na kistari, kama -MAKATO, Excel inadhani unaandika fomula na inakupa #NAME?. Weka alama moja ya mkato wa juu mbele yake, ' hii, itakubali.

Picha yenyewe huiamini

Kistari ni mstari mwembamba umelala, na karatasi imejaa mistari iliyolala: mistari ya jedwali, mikunjo, kivuli cha ukingo, ule mstari mweupe wa printa iliyoishiwa wino. Kwa hiyo kinaweza kupotea au kinaweza kuzuka pale ambapo hakipo. Jinsi ninavyopima ni hivi, naangalia tarehe. Kama benki inaandika 02-03-2024 basi kila mstari tayari una vistari viwili vya wino ule ule na printa ile ile. Navuta picha karibu kwenye tarehe ya mstari ninaoushuku, kama vistari vya tarehe naviona vizuri na mbele ya namba ni peupe, naamini hakuna alama. Kama vya tarehe navyo vimefifia au havipo kabisa, basi picha haiwezi kuniambia chochote kuhusu alama kwenye mstari ule, natumia F tu mpaka nipate picha nyingine. Kumbuka tu upande wa kulia unaweza kuwa na kivuli ambacho kushoto hakipo, kwa hiyo linganisha na mwanga wa pande zote mbili.

Ukiomba picha nyingine mwambie mtu maneno haya: karatasi iwe imelala mezani, siyo mkononi, akae karibu na dirisha bila flashi, apige nusu ukurasa kwa mara moja na mistari miwili ya mwisho ya picha ya kwanza ionekane tena kwenye picha ya pili. Na kwenye WhatsApp aitume kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu ikienda kama picha inabanwa na vitu vyembamba ndo vinaanza kupotea. Kama ana PDF ya benki basi hiyo ndo bora kuliko picha yoyote.

Picha haina kolamu ya salio

Hii hutokea, picha imekatwa au ni orodha ya miamala tu. F haifanyi kazi. Tafuta jumla ya debiti na jumla ya krediti chini ya ukurasa wa mwisho, kwenye mfano wetu debiti ni 1,652,500 na krediti 830,000, na linganisha kila moja peke yake. Debiti yako ikija 1,655,100 imezidi 2,600, ni kosa la mara mbili. Ikija 1,653,800 imezidi 1,300, ni seli iliyorukwa. Ila hapa ujue makosa mawili yanaweza kufutana ukayaona yako sawa, kwa hiyo soma maelezo ya kila mstari unaoonekana ni marejesho, kwenye stetimenti nyingi utaona REV au REVERSAL, na kila mmoja uhakikishe una kistari au upo kwenye krediti.

Mistari ambayo alama yake umeijua kwa hesabu tu na siyo kwa macho ipake rangi ya njano na kwenye kolamu ya G andika "alama haionekani kwenye picha, imepatikana kwa salio". Mwenye kazi akienda benki anajua ni mistari ipi ya kuulizia.